Wosia wa kughushi na sahihi bandia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu waliofiwa, wakazika, kisha wiki mbili baadaye akatokea mmoja wa familia na karatasi ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuiona. Majibu yanafuata sheria ya Kenya, hasa Sheria ya Urithi (Sura ya 160) na Sheria ya Ushahidi (Sura ya 80). Ukiwa Tanzania au Uganda, mambo ya karatasi, kalamu na macho ya mtaalamu wa miandiko ni yale yale, ila vifungu na taratibu za mahakama ni tofauti.

Sahihi kwenye wosia haifanani na ya baba. Hilo si ushahidi tosha?

Halitoshi, na mara nyingine ni ishara ya kinyume. Chukua karatasi, utie sahihi yako mara kumi, kisha uzilaze sambamba. Hakuna mbili zitakazolingana kabisa. Moja itakuwa na mkia mrefu, nyingine herufi ya kwanza imelala, nyingine umeirusha kwa haraka kwa sababu mkono umechoka. Kila mtu ana upana wake wa kutofautiana, na mtaalamu anauliza kama sahihi inayobishaniwa inaangukia ndani ya upana huo.

Ndiyo maana sahihi inayolingana kupita kiasi hutia shaka. Ukiweka sahihi ya wosia juu ya sahihi ya hundi ya zamani, ukazishika kwenye mwanga wa dirisha na zikaingiana mstari kwa mstari, basi huenda moja imechorwa kwa kufuatisha nyingine.

Mtaalamu huangalia nini hasa?

Anaangalia mwendo wa kalamu kuliko umbo la herufi. Mtu anayetia sahihi yake mwenyewe hafikirii. Mkono unakwenda wenyewe, kwa kasi, na kalamu huanza kutembea kabla haijagusa karatasi na huendelea kutembea inapoondoka. Kwa hiyo mwanzo na mwisho wa mistari huwa umechongoka, mwembamba kama mkia wa panya. Anayeghushi anachora. Anaweka kalamu chini, anasimama, anatazama mfano, anaendelea. Chini ya darubini mstari wake huanza na kuisha butu, una tone dogo la wino pale aliposita, na uzito wake ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali mstari wa kweli hunenepa kalamu inaposhuka na kukonda inapopanda.

Kisha kuna mahali kalamu iliponyanyuliwa. Kama marehemu alikuwa akiunganisha herufi tatu za kwanza kwa mstari mmoja kwa miaka thelathini, na kwenye wosia mstari huo umekatika mara mbili na kuunganishwa kwa uangalifu, hilo lina uzito. Vivyo hivyo marekebisho: mwenye sahihi yake akikosea kidogo huachana nayo, kwa kuwa anajua ni yake. Mwizi hurudi kurekebisha kijipinda.

Baada ya hapo karatasi huwekwa chini ya aina mbalimbali za mwanga. Wino mbili zinazoonekana nyeusi sawasawa kwa macho zinaweza kuachana kabisa chini ya mwanga usioonekana: moja inapotea, nyingine inang'aa. Hivyo ndivyo hugunduliwa sifuri iliyoongezwa baadaye au jina lililochomekwa. Mwanga wa pembeni huonyesha mifereji: anayefuatisha sahihi kwa kukandamiza kalamu kwanza, kisha akapitisha wino juu yake, huacha mfereji ambao wino haukuufuata sawasawa. Kuna pia mashine ya umemetuli inayoinua alama za maandishi ya karatasi iliyokuwa juu ya hii wakati ikiandikwa. Mtu aliyefanya mazoezi ya sahihi ya mzee kwenye daftari lile lile huweza kusalitiwa na ukurasa wa chini.

Jambo moja ambalo watu hulitarajia mno ni umri wa wino. Wanataka mtaalamu aseme wosia uliandikwa mwaka 2008 au mwaka jana. Kwa kalamu ya biro ya kawaida jibu hilo ni gumu, na kadiri miaka inavyopita ndivyo linavyozidi kuwa gumu. Usijenge kesi yako juu yake.

Mama alikuwa amepooza na mkono ulikuwa ukitetemeka. Si kila sahihi yake itaonekana bandia?

Hapa ndipo kesi nyingi huteleza, pande zote mbili. Mtetemeko wa ugonjwa au uzee upo kila mahali kwenye sahihi: kwenye mistari mirefu iliyonyooka na kwenye vijipinda. Mtetemeko wa mwizi huja pale panapomshinda, kwenye kona ngumu, halafu mstari rahisi unaofuata unapita laini kama wa kijana. Sahihi ya mgonjwa pia huwa haijali. Inashuka chini ya mstari, inaachia herufi njiani.

Lakini mtaalamu hawezi kulisema hilo kama ulimletea sahihi za mama za mwaka 1995 alipokuwa mwalimu mwenye afya. Anahitaji za kipindi cha ugonjwa: fomu za hospitali, fomu ya benki ya kutoa pesa, kitabu cha chama. Bila hizo ripoti itasema kwamba sahihi hazifanani, na wakili wa upande wa pili atamuuliza mtaalamu swali moja tu: ulijulishwa kwamba alikuwa amepatwa na kiharusi? Hapo ripoti imekwisha.

Ikiwa mtu mwingine alimshika mkono amsaidie kuandika, sahihi itakosa sura ya mama na ya aliyemshika pia. Sheria inaruhusu hata mtu mwingine atie sahihi kwa niaba ya mwenye wosia, mradi iwe mbele yake na kwa agizo lake. Swali basi linahama kwenye darubini na kwenda kwa waliokuwapo chumbani.

Baba hakujua kusoma. Wosia una alama ya kidole gumba.

Alama ya kidole hulinganishwa na zile zilizochukuliwa alipoomba kitambulisho. Ikiwa haikupakwa wino mwingi hadi mistari ikafutika, jibu huwa la uhakika kuliko la sahihi. Ila kidole kinasema ni cha nani tu. Hakisemi kama mwenyewe alisomewa kilichoandikwa, kama alikuwa na fahamu, wala, tuseme wazi kwa kuwa watu hunong'ona, kama alikuwa hai. Kwa wosia wa asiyejua kusoma, muulize shahidi: nani alimsomea, kwa lugha gani, na mzee alisema nini?

Nikusanye nini kabla ya kumwona mtaalamu?

Sahihi zisizobishaniwa na mtu yeyote, kumi hadi ishirini ukizipata, na nyingi ziwe za miaka miwili mitatu ya karibu na tarehe iliyo kwenye wosia. Zilizo bora ni zile marehemu alizotia akiwa na shughuli zake nyingine kabisa, bila kujua kwamba siku moja zitapimwa: kadi ya sahihi ya benki, hundi zilizolipwa, fomu za mkopo wa sacco, fomu za kuomba idhini ya bodi ya ardhi, mkataba wa kukodisha duka, kitabu cha mahudhurio ya kanisa au mkutano wa shule. Za benki na za ofisi ya ardhi zina faida ya ziada, kwa sababu kuna afisa wa kuja kusema zilitoka wapi. Barua uliyoipata chini ya godoro, wewe ndiye shahidi wake pekee, na wewe ni mwenye kesi.

Usizitoboe, usizikunje upya, usizitie kwenye plastiki ya kubandika kwa moto, na kwa vyovyote usizungushie sahihi duara kwa kalamu. Wapo wanaofanya hivyo wakidhani wanamrahisishia jaji.

Nina kopi tu ya wosia. Mtaalamu anaweza kufanya kazi nayo?

Kidogo sana. Kopi haina mfereji, haina uzito wa kalamu, na mstari uliosita huonekana sawa na uliokwenda. Kibaya zaidi, sahihi ya kweli inaweza kukatwa kwenye barua, ikabandikwa chini ya maandishi mengine na kupigwa kopi. Utakachopata ni sahihi halisi kabisa kwenye wosia ambao haukuwahi kuwapo. Mtaalamu makini ataandika kwamba maoni yake yana mipaka kwa kuwa alipewa kopi, na ukiona ripoti ya uhakika mkubwa iliyotegemea picha ya simu, uitilie shaka hata kama inakupendelea.

Anayeomba mahakama imkubali kama wasii huuwasilisha wosia wa asili, nao hubaki kwenye faili. Kwa hiyo wakili wako anaomba amri ya kuutoa kwa uchunguzi, na karani anaupeleka kwa wachunguzi wa nyaraka wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, au mtaalamu wa kibinafsi anauona chini ya usimamizi wa mahakama. Upande wa pili wakidai wosia wa asili umepotea, wana kazi ya kueleza. Kama mara ya mwisho ulikuwa mikononi mwa marehemu mwenyewe na haukuonekana, mahakama huanza kwa kudhani aliuharibu kwa kuwa alibadili nia.

Je, kuna njia ya kuugundua wosia bandia bila kugusa sahihi?

Ipo, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kuja kwanza. Tuchukue mfano. Mzee amefariki mwaka 2021. Mwana mmoja analeta wosia wa ukurasa mmoja, umepigwa chapa, tarehe ni Machi 2008. Unampa “shamba nambari 2047 lililoko Kaunti ya Machakos.” Sahihi ni ya mzee, ndugu wote wanakubali, na mtaalamu anakubali pia.

Dada mmoja anakwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, ile sachi ya kawaida. Anakuta kwamba nambari 2047 ilizaliwa mwaka 2014, shamba mama nambari 318 lilipogawanywa vipande viwili. Mwaka 2008 mzee hangeweza kulitaja kwa sababu halikuwapo. Halafu neno “Kaunti.” Mwaka 2008 Machakos ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Mashariki, kaunti 47 zililetwa na Katiba ya 2010, na serikali zake zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Chini ya jina la shahidi wa pili kuna nambari ya simu inayoanza na 0110, na nambari za 01 zilianza kutolewa mwaka 2019.

Sasa sahihi ya kweli imefikaje pale? Tazama ukurasa wenyewe. Sahihi iko juu zaidi ya ilivyo kawaida, na aya ya mwisho imebanwa, nafasi kati ya mistari imepungua ghafla ili maneno yasiifikie. Mzee aliwahi kutia sahihi karatasi tupu, labda “ya mkopo,” na maandishi yakaja baadaye. Mtaalamu aliyeulizwa tu kama sahihi ni ya mzee alijibu alichoulizwa. Angeulizwa kama maandishi yalitangulia sahihi, angetafuta mahali mkia wa sahihi unapokutana na herufi iliyochapwa, aone wino na unga wa printa ni kipi kiko juu. Mikia isipogusana na herufi, jibu hilo halipatikani, lakini nambari ya shamba inabaki pale pale.

Mwana anaweza kujitetea kwamba wosia ulipigwa chapa upya baadaye. Sawa, basi ulitiwa sahihi lini, na mashahidi waliona nini mwaka 2008?

Mashahidi wa wosia wana uzito gani?

Mkubwa kuliko wa mtaalamu, mara nyingi. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Urithi kinataka wosia wa maandishi uwe na mashahidi wasiopungua wawili. Kila mmoja awe amemwona mwenye wosia akitia sahihi, au amesikia kwake mwenyewe kwamba hiyo ni sahihi yake, kisha naye atie yake mbele ya mwenye wosia. Si lazima mashahidi wawe pamoja wakati mmoja. Kwa hiyo wosia unaweza kuanguka hata kama sahihi ni halali, iwapo shahidi atakiri kwamba aliletewa karatasi kazini na kijana wa mzee. Shahidi akipewa kitu ndani ya wosia huo huo, yeye au mume au mke wake, zawadi hiyo ni batili isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Wosia wenyewe haufi kwa hilo.

Kesi inayofundisha zaidi hapa ni ya Uingereza. Tarehe 24 Juni 1998, Kathleen Grundy, mama wa miaka 81 katika mji wa Hyde, alifariki ghafla. Ukatokea wosia unaompa daktari wake, Harold Shipman, mali ya pauni zipatazo 386,000. Binti wa Grundy alikuwa wakili. Hakuanza na sahihi. Aliona uchapaji mchafu usiofanana na mama aliyekuwa mnadhifu wa mambo yake, na alijua kuna wosia mwingine uliotengenezwa zamani. Akawatafuta mashahidi. Walikuwa wagonjwa wawili waliokuwa wameketi wakisubiri kumwona daktari, wakaitwa ndani kushuhudia karatasi ambayo hawakujua ni nini. Ndipo akaenda polisi. Wosia ulipatikana kuwa umepigwa kwa taipureta ya Shipman, aina ya Brother, na alama ya kidole chake ilikuwa juu ya karatasi. Mwili ulifukuliwa, sumu ikapatikana, na Januari 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 15 pamoja na kughushi wosia ule.

Kwa hiyo waulize mashahidi mapema, kila mmoja peke yake, maswali madogo: chumba gani, saa ngapi, nani alileta kalamu, mzee alikaa wapi, nani alitia sahihi kwanza. Watu wawili waliokuwapo kweli hutofautiana kidogo. Waliofundishwa husema maneno yale yale hadi ufike kwa swali ambalo halikufanyiwa mazoezi.

Mtaalamu wetu anasema bandia, wao wana wao anayesema halali. Jaji anafanyaje?

Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinakubali maoni ya mtaalamu wa miandiko, lakini yanabaki maoni. Kwenye kesi ya Ndolo, mwaka 1996, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa mtaalamu upimwe pamoja na ushahidi mwingine wote, na jaji anaweza kuukataa akiwa na sababu nzito. Mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia tangu zamani kwamba mtaalamu mwangalifu husema tu haamini kwamba mwandiko ni wa fulani, au kwamba miandiko miwili inafanana kiasi cha kutotofautishika. Anayesema “ni yeye kwa asilimia mia” anajichimbia shimo.

Jaji anawapima kwa sababu walizotoa. Walipewa sampuli ngapi, za miaka gani, asili au kopi? Nani aliwaletea? Je, ripoti ina picha zilizokuzwa zenye mishale, au ni mstari mmoja wa hitimisho na muhuri? Mtaalamu aliyeeleza tofauti sita lakini pia akataja mfanano mbili na kusema kwa nini hazibadilishi maoni yake, huaminika kuliko aliyeona upande mmoja tu. Na sharti aje asimame kuhojiwa. Ripoti ya mtu asiyekuja kizimbani haina meno.

Mtu aliyeuzoea mwandiko wa marehemu, kama karani wake wa miaka mingi au meneja wa sacco, naye anaruhusiwa kutoa maoni. Jaji mwenyewe anaweza kulinganisha kwa macho yake chini ya kifungu cha 76 cha sheria hiyo, ingawa majaji wengi huogopa kutegemea hilo pekee, na nadhani wana haki.

Nani anapaswa kuthibitisha?

Anayeleta wosia huthibitisha kwanza kwamba ulitiwa sahihi na kushuhudiwa inavyotakiwa. Kama yeye ndiye aliyeuandaa na ndiye anayenufaika, mzigo wake ni mzito zaidi. Kanuni hiyo ni ya tangu mwaka 1838. Lakini ukisema neno “kughushi,” neno hilo ni lako kulithibitisha, kwa kiwango kinachozidi kile cha kawaida cha kesi za madai, ingawa hakifikii kile cha jinai. Mawakili wengi kwa hiyo huweka hoja mbili: kwanza kwamba mashahidi hawakutimiza sheria, halafu kwamba sahihi ni bandia. Ya kwanza ikishinda, ya pili haina haja.

Nipeleke pingamizi lini?

Ombi la usimamizi wa mirathi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, nawe una siku 30 za kupinga. Zikipita na hati ya usimamizi ikatolewa, bado unaweza kuomba ifutwe chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kwa kuwa ilipatikana kwa udanganyifu, ila kufikia hapo huenda shamba limeshauzwa. Omba pia amri ya kuzuia uuzaji siku hiyo hiyo.

Aliyeghushi atafungwa?

Kughushi wosia ni kosa linaloweza kumpa mtu kifungo cha maisha chini ya kifungu cha 350 cha Kanuni ya Adhabu. Hiyo ni kesi nyingine, ya DCI na mwendesha mashtaka, na humo lazima ijulikane ni mkono wa nani ulioandika. Mtaalamu anaweza kusema sahihi si ya baba bila kuweza kusema ni ya kaka yako, kwa kuwa anayechora mwandiko wa mwingine huuficha wake.

Sisi ni Waislamu. Haya yanatuhusu?

Mgawanyo wa mirathi yenu ni wa sheria ya Kiislamu, na wosia haupiti theluthi moja wala haumpi mrithi bila idhini ya warithi wenzake. Kwa hiyo wosia unaompa mwana mmoja nyumba nzima unaweza kukataliwa na Kadhi bila hata kuuliza ni sahihi ya nani. Suala la kughushi likizuka, karatasi na mashahidi hupimwa kama ilivyoelezwa hapo juu.

Baba yu hai, lakini tumesikia kuna wosia ambao yeye mwenyewe haujui.

Basi shahidi bora kuliko wote bado anakunywa chai sebuleni. Akiwa na akili timamu anaweza kuandika wosia mpya wenye tarehe, unaofuta wowote uliotangulia, mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote, na daktari wake aandike siku hiyo hiyo hali ya fahamu zake. Aulizwe pia, kwa adabu, kama aliwahi kutia sahihi karatasi tupu, na alimpa nani.